Kumjulisha mwenzako wa kazi kwa kicheko: wote waelewe, na yeye asipate haya

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mkutano hauanzi mpaka mtu asimame kujulisha wale watakaosema. Ni kazi ya dakika moja tu. Muongozaji anataka kuchangamsha watu, basi anatupa neno la kuchekesha, lile ambalo wengi wanaita blage, juu ya mwenzake aliyekaa mbele. Kuna siku ukumbi wote unacheka. Kuna siku upande mmoja tu ndio unacheka, na upande mwingine unaulizana: “Amesema nini?” Na kuna siku watu wanacheka sana, lakini yule aliyejulishwa anainamisha kichwa na kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Tofauti ya siku hizo tatu haitoki sana kwa kipaji cha muongozaji. Inatoka kwa jambo lingine: je, kitu ambacho watu wanaalikwa kukichekea kinajulikana na wote waliomo ukumbini, ao kinajulikana na wachache tu?

Utani una wenyewe

Watu wa mashariki wanajua utani tangu utoto. Mjukuu wa kike anaweza kumwita babu yake “bwana yangu”, na babu akamjibu kwamba chakula cha bibi huyu mdogo hakina chumvi. Shemeji na shemeji wanataniana mpaka machozi yatoke. Hakuna anayeshangaa, kwa sababu kila mtu uani anajua undugu uliopo kati yao. Lakini neno lile lile likisemwa kwa mkwe ni aibu kubwa, na pengine itabidi wazee waitwe. Neno halikubadilika. Kilichobadilika ni undugu unaolibeba.

Utani una sheria nyingine, ambayo watu wanaifuata bila kuisema: ni wa kurudishana. Babu anatania, mjukuu anajibu. Kama mmoja hawezi kujibu, huo si utani tena, ni matusi yaliyovaa nguo za sherehe.

Kazini pia watu wanatengeneza undugu wa namna hiyo. Wawili wanaokaa katika ofisi moja kwa miaka minne wanajua nani anachelewa, nani anapenda sukari nyingi katika chai, nani anasinzia baada ya saa nane. Wanataniana kila siku na hakuna anayeumia. Tatizo linakuja siku mmoja anaposimama mbele ya watu arubaini na kubeba utani ule wa ofisini. Wale arubaini hawakuiona ile miaka minne. Wanasikia maneno tu. Wakiambiwa kwamba mwenzake “analala kazini”, wanapata mlevi wa usingizi, hawapati rafiki anayetaniwa. Na mwenzake hawezi kurudisha, kwa sababu hana kipaza sauti mkononi, na wakati atakapokipata itabidi aanze somo.

Mkutano mmoja, vichekesho vinne vya kuacha

Ili jambo liwe wazi, wazia mkutano wa asubuhi katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu. Waliofika ni wamama wachuuzi arubaini kutoka vikundi vya kuweka na kukopeshana feza, vile vinavyojulikana kwa jina la Avek. Wanavijua vizuri: kikundi cha watu 15 hadi 25, sanduku moja lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na feza inayohesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Kuna pia shefu wa kata na wageni wawili waliotoka Kinshasa, ambao wanasema Kilingala na Kifaransa, lakini Kiswahili wanakisikia nusu. Wengi wa wamama ni Washi. Wengine ni Warega, Wahavu, Wafuliru, na wawili walitoka Kindu.

Anayejulisha ni kijana wa shirika linalofuata vikundi hivyo. Anayejulishwa ni mwenzake wa kazi, mama aliyekuja kufundisha namna ya kuandika daftari la mikopo. Yeye ni mzaliwa wa Shabunda, ana miaka 38, hana bwana, na juma lililopita alichelewa kufika kwenye mkutano wa Bagira kwa saa mbili. Kijana anampenda na kumheshimu. Usiku wa kabla ya mkutano, anatafuta neno la kuchekesha.

Neno la kwanza linalomjia ni la Kimashi, juu ya mtu anayehesabu kuku wa jirani. Ni zuri, na wamama wengi watacheka mara moja. Lakini Warega, Wafuliru, wale wa Kindu na wageni wa Kinshasa watabaki wanaangalia midomo ya wengine. Tena kuna kitu kibaya zaidi ya kutoelewa. Mfundishaji mwenyewe haelewi Kimashi. Akiona ukumbi unacheka huku watu wanamwangalia yeye, atadhani anachekwa, na hatakuwa na njia ya kujua kwamba sivyo. Kicheko kinachomzunguka mtu katika lugha asiyoijua kinamgeuza kuwa kitu cha kuangaliwa.

Neno la pili ni la Kifaransa. Avek, kwa Kifaransa, inasikika sawa na neno la kusema “pamoja na”. Kijana anaweza kucheza na neno hilo: mama huyu hakuja kwa Avek, amekuja “avek” sisi. Wageni watatabasamu, na shefu wa kata pia. Lakini mama anayeuza sambaza sokoni na ambaye hakupata shule atasikia jina la kikundi chake likirudiwa mara mbili, bila kujua kwa nini mabwana wale wanacheka. Na kwa kuwa ni jina la kikundi chake, anaweza kudhani kwamba ni kikundi ndicho kinachochekwa. Mchezo wa maneno una ubaya huo: hautafsiriki. Ukiuelezea unakufa, usipouelezea unagawa ukumbi kati ya waliosoma na wasiosoma.

Neno la tatu ni juu ya kuchelewa: “Tumshukuru Mungu, leo amefika mapema. Munajua watu wa Shabunda, kwao saa ni jua tu.” Hapa kijana anagusa asili ya mtu, na katika jimbo hili asili si kitu cha kuchezea kwenye kipaza sauti. Tangu vita vya miaka ya 1990, watu wameteswa, wamefukuzwa na wameuawa juu ya mahali walikotoka ao kabila walilodhaniwa kuwa nalo. Mwenye kusema anaweza kuwa na moyo safi kabisa. Lakini hajui nani amekaa safu ya tano, wala jirani yake alipoteza nini. Zaidi ya hayo, Warega waliomo ukumbini wameingizwa katika kosa la mtu mmoja. Na tuseme ukweli, kati ya Bukavu na Shabunda, anayechelewesha watu ni barabara.

Neno la nne ndilo linalosikika mara nyingi zaidi, na wengi hawaoni ubaya wake: “Wapapa mulioko hapa, muangalie vizuri, mama huyu bado hajapata mwenyewe.” Watu watacheka, hilo ni hakika. Lakini mama aliyekuja kama mfundishaji wa hesabu sasa amesimama mbele yao kama mwanamke asiye na bwana. Kwa dakika kumi za kwanza, watu watamtazama kwa jicho hilo, sio kwa jicho la somo. Hata sifa inaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kumwita “mrembo wetu” mbele ya ukumbi ni kumwondolea cheo chake na kumpa kingine ambacho hakukiomba.

Vichekesho vyote vinne vina kasoro moja. Kila kimoja kinahitaji kitu ambacho si wote wanacho: lugha, shule, kabila, ao ruhusa ya kusema mambo ya nyumbani mwa mtu.

Kichekesho cha tano

Basi kijana anajiuliza swali lingine: ni kitu gani ambacho kila mtu ukumbini amekiona kwa macho yake? Wamama wote wanajua kuhesabu feza mbele ya kikundi. Wote wanajua ukali wa mwandishi wa daftari, ambaye hakubali hata franka 50 ikose. Wageni wa Kinshasa na shefu wa kata wanajua mandazi. Na mwenzake ana tabia moja ambayo ni sifa katika kazi yake: anaandika kila kitu.

Kabla ya kulala, anampigia simu. Anamwambia neno analotaka kusema, neno kwa neno, bila kulifupisha. Hamuulizi “nikutanie kidogo?”, kwa sababu kwa swali kama hilo karibu kila mtu anajibu ndiyo kwa adabu. Anamsomea neno lenyewe, kisha ananyamaza na kusikiliza. Kama mwenzake anacheka mara moja na kuongeza la kwake, neno limekubalika. Kama anasema polepole “hapana shida”, kuna shida, na neno linaachwa bila kubishana.

Asubuhi, kijana anasimama na kusema hivi:

“Wamama, wapapa, shefu wetu, na wageni wetu waliotoka Kinshasa, karibuni. Leo tutajifunza kuandika daftari la mikopo, ili siku ya kugawana feza pasiwe na kelele. Atakayetufundisha ni mama huyu. Kwa miaka sita anafuata vikundi vya kuweka feza, na amesaidia vikundi vingi kupata hesabu iliyopotea. Mjue kwamba hakuna kitu kinachompita. Leo asubuhi tulinunua mandazi kumi ya njiani. Tulipofika hapa, yalikuwa tisa. Hakuniuliza kitu. Alifungua daftari, akaandika jina langu, akaandika: deni, andazi moja. Mama, karibu, na mbele ya watu wote hawa, nitalipa.”

Inachukua chini ya dakika moja. Kichekesho kiko mwishoni, baada ya watu kujua mama ni nani, anajua nini na kwa nini amekuja. Mpangilio huo una sababu yake. Kikitangulia, watu wanakumbuka mandazi na kusahau kazi. Kikifuata, kinabeba kazi yenyewe: anayeandika hata andazi moja ni mtu unayeweza kumwamini na daftari lako.

Angalia pia nani anachekwa. Ni kijana, aliyekula andazi bila kusema. Mfundishaji ametoka na sifa ya ukali wa haki, ile ambayo kila kikundi kinaitafuta kwa mwandishi wake. Hakuna kabila ndani yake, hakuna mwili wa mtu, hakuna ndoa, wala mshahara. Mama wa sambaza anaelewa, shefu anaelewa, mgeni wa Kinshasa akitafsiriwa anaelewa pia, kwa sababu ni hadithi ndogo, si mchezo wa maneno.

Na neno la mwisho, “nitalipa”, linafungua mlango. Mfundishaji anaweza kujibu: “Utalipa na faida, kama sheria ya kikundi inavyosema.” Sasa utani umerudishwa, ukumbi unacheka mara ya pili, na yeye ndiye mwenye kicheko hicho. Anaanza somo akiwa juu.

Tafsiri isiwe ya wanaobaki nyuma

Katiba ya Kongo ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serkali, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba kuwa lugha za taifa. Katika ukumbi mmoja wa Bukavu ao Goma, tatu kati ya hizo zinaweza kukutana na lugha za makabila juu yake. Anayejulisha anachagua ile inayoeleweka na walio wengi, kisha anawafikiria wanaobaki.

Kosa la kawaida ni kutafsiri mambo ya kazi na kuacha kichekesho. Mtafsiri anasema: “Ni mfundishaji wa hesabu, ana miaka sita ya kazi, kisha amefanya mchezo kidogo.” Mgeni anabaki na habari kwamba wengine walifurahi. Ni sawa na kumwonyesha sahani baada ya watu kula. Dawa yake ni rahisi: mtafsiri apewe neno mapema, hata kwenye karatasi, ili alitafsiri lote. Msemaji anyamaze kidogo baada yake na kungojea kicheko cha wageni, kabla ya kumkaribisha mwenzake. Kama hakuna mtafsiri, msemaji mwenyewe arudie hadithi kwa sentensi mbili za Kifaransa ao Kilingala. Neno ambalo haliwezi kurudiwa kwa lugha ya pili bila kufa halikuwa neno la ukumbi huo.

Mkubwa anapomjulisha mdogo

Kuna hali moja inayohitaji uangalifu zaidi: wakati anayejulisha ni mkubwa wa kazi, na anayejulishwa ni mdogo wake. Mkurugenzi akimtania mwalimu mpya, ao daktari mkuu akimtania muuguzi, watu watacheka hata kama neno halichekeshi, kwa sababu ni mkubwa amesema. Mdogo pia atacheka. Kicheko chake hakimwambii mkubwa kitu chochote, maana hana njia nyingine. Hapo hata simu ya usiku haitoshi, kwa sababu mdogo hawezi kukataa kwa urahisi.

Kwa mkubwa, njia salama ni kujitania mwenyewe kwa namna inayompandisha mdogo: “Tangu amefika, ripoti zinatoka kwa wakati. Zangu mimi bado zinamngojea.” Lakini hata kujitania kuna mpaka. Kukipita sentensi mbili, ukumbi umeanza kumsikiliza anayejulisha, na anayejulishwa amekuwa mtu wa kungojea pembeni. Kujulisha si nafasi ya kujijulisha.

Kwa mtu mzima aliye na heshima yake, neno “muzee” ao “mama” peke yake linatosha kuleta joto. Lakini hata hilo linategemea masikio. Mtu wa miaka 45 akiitwa “muzee” kwa sauti ya heshima, anafurahi. Akiitwa hivyo kwa sauti ya kuvuta na jicho la pembeni, wote wanajua kwamba umri wake umeingizwa katika mchezo.

Namna ya kujua kama neno limeumiza

Watu wakicheka, msemaji anadhani amefaulu. Sauti ya kicheko haitoshi. Kuna alama nyingine za kuangalia.

Ya kwanza ni umbo la kicheko. Kikitoka pande zote kwa mara moja, neno limefika. Kikitoka pembe moja, kisha baada ya sekunde chache kikafuata kingine kidogo mahali pengine, maana yake jirani wamenong’onezana tafsiri. Wale wa pili wamecheka kwa mkopo.

Alama ya pili, na iliyo ya kweli zaidi, ni sentensi ya kwanza ya yule aliyejulishwa. Kama anaitumia kurudisha utani, ao anaingia moja kwa moja katika somo, yuko salama. Kama anaanza kwa kujitetea, “Kwa kweli siku ile gari ndilo liliharibika”, ao “Msimsikilize, mimi sivyo nilivyo”, basi amenyang’anywa kitu na anajaribu kukirudisha. Kila dakika anayotumia kujitetea inatoka kwenye somo lake.

Neno likiisha kuumiza, lisifuatwe na lingine la kulifunika. “Ni mchezo tu, asikasirike” linamwongezea mwenzako kosa la pili: sasa si mtu aliyechekwa tu, ni mtu asiyejua kucheka. Inatosha msemaji aseme kwa ufupi jambo la kweli ambalo mwenzake analifanya vizuri, ampe kipaza sauti, akae. Maneno ya kuomba msamaha yanasemwa baadaye, wawili peke yao, bila kutafuta kueleza nia ilikuwa gani.

Na kuna siku ambapo kichekesho kinaachwa kabisa. Kama kati ya waliofika kuna waliofiwa wiki hiyo, kama watu wametoka kukimbia vijiji vyao, ao kama mwenzake amekuja kutoa habari nzito, kama vile kupotea kwa feza ya kikundi, kicheko cha mlangoni kitafanya neno lake lionekane jepesi. Siku hiyo, jina la mtu, kazi yake na sababu ya kufika kwake vinatosha. Aseme taratibu, kwa lugha ambayo mama wa safu ya mwisho anaielewa, kisha akae.